Trela inavujisha mwisho, au haisemi kitu? Kutatua matatizo ya skripti ya trela ya gemu ndogo

Skripti ya trela huandikwa na mtu anayeijua gemu yake nje ndani, na hapo ndipo shida inapoanza. Anayejua kila kitu haoni kile ambacho mtazamaji wa mara ya kwanza anakiona. Kwa hiyo mwongozo huu haufuati hatua za uandishi, unafuata malalamiko. Mwonyeshe mtu trela yako, sikiliza anachosema, kisha tafuta maneno yake hapa chini.

Nitatumia gemu moja ya mfano niliyoibuni kwa kazi hii, tuiite *Barua za Kaskazi*. Ni gemu ya visa na mafumbo, ya kubofya, inayochukua kama saa 3 kuimaliza. Mchezaji ni Zaituni, binti anayejifunza kuchonga milango Lamu mjini. Ami yake, Nahodha Athmani, ameondoka na jahazi kuelekea kusini wakati wa kaskazi, na ameahidi kurudi upepo ukigeuka kuwa kusi. Kila jahazi likiingia kutoka Mombasa, barua yake hukutwa dakani, pale kwenye ukumbi wa mlangoni, na kila barua humwelekeza Zaituni kwenye kitu kilichofichwa ndani ya nyumba. Siri ni mbili: nahodha alizama zamani, na barua zinaandikwa na bibi.

"Huyo nahodha amekufa, sivyo?"

Hili ndilo lalamiko zito kuliko yote, lakini usikimbilie kukata shoti. Watu hukisia kifo kwenye kila hadithi yenye mtu aliyesafiri. Kwanza jua kama ni kisio tu au ni siri iliyovuja. Muulize: "Umeona wapi?" Akijibu kwamba hadithi za namna hii huwa hivyo, hakuna kilichovuja. Akikutajia sekunde, sura ya mtu au neno fulani, hapo pana tundu. Wawili wasiojuana wakikutajia shoti ile ile, usibishane nao.

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni wakati wa vitenzi vya msimulizi. Rasimu nyingi huanza hivi: "Ami yangu alikuwa nahodha hodari kuliko wote." Neno *alikuwa* limeshamzika. Mwandishi ameliweka kwa mazoea, kwa kuwa hadithi husimuliwa kwa wakati uliopita, lakini mtazamaji wa trela hana ukurasa mwingine wa kumrekebisha. Andika: "Ami yangu ni nahodha. Amesema atarudi na kusi." Sasa Zaituni anazungumza akiwa ndani ya subira yake, naye mtazamaji anangoja pamoja naye. Ndugu yake *alikuwa* ni "sikujua kwamba". Msimulizi akisema "sikujua kwamba barua moja ingebadilisha kila kitu," ametangaza kwamba mambo yatageuka, na mtazamaji ataanza kuwinda mageuzi hayo badala ya kuionja gemu.

Sababu ya pili ni picha ambayo mgeni anaiona pambo na mwenyeji anaisoma. Hii huwapata hasa wanaotengeneza gemu zenye mandhari ya pwani, kwa sababu kila kitu kinapendeza machoni. Katika *Barua za Kaskazi*, karibu na mwisho, kuna wanaume wamekaa juu ya mikeka mbele ya nyumba wakisoma juzuu. Mchoraji ameichora vizuri, mwanga wa asubuhi unaingia kwa upande, na mhariri wa trela anaipenda. Mtu wa mbali ataona watu wamekusanyika. Mtu wa Lamu, Malindi au Mombasa ataona hitima, na atakuwa amejua kuna mtu amefariki kabla shoti haijafika sekunde ya pili. Ndivyo ilivyo kwa mwanamke aliyekaa eda. Ndivyo ilivyo pia kwa vitu vidogo zaidi, kama hali ya bahari. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kisha kusi huingia pamoja na mvua za masika na bahari huchafuka. Ukiweka shoti ya uchochoro wenye mvua kubwa baada ya Zaituni kusema ami atarudi na kusi, umeshamwambia mwenyeji kwamba kusi imeingia na gati halina jahazi.

Dawa yake ni rahisi lakini watu huiruka: mpe trela mtu mmoja wa pwani na mtu mmoja ambaye hajawahi kukanyaga pwani, kila mmoja peke yake, na uwaulize kila shoti inamwambia nini. Siri inaweza kubaki salama machoni pa mmoja na kuwa wazi machoni pa mwingine. Ukijaribu kwa wageni peke yao utaambiwa trela haina tundu.

Sababu ya tatu ndiyo inayowasumbua hata wazoefu: shoti mbili zisizo na hatia ambazo zikiwekwa jirani zinazaa maana ya tatu. Mtengeneza filamu wa Kisovieti Lev Kuleshov alionyesha jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Uso ule ule wa mwigizaji, ukiwekwa karibu na bakuli la supu au karibu na jeneza, watu waliusoma kwa hisia tofauti. Kwenye gemu yetu kuna shoti ya bibi akipepeta mchele, vidole vina hina iliyofifia na ncha ya kidole cha shahada ina weusi kidogo. Peke yake haisemi kitu, bibi yeyote anaweza kuwa na kidole kilichochafuka. Kuna shoti nyingine ya barua kwa karibu, wino mweusi kwenye karatasi. Nayo peke yake ni salama, barua lazima ionekane. Mhariri akizifuatanisha kwa sababu rangi zinalingana, weusi wa kidole na weusi wa wino vinashikana, na siri ya pili imetoka. Hakuna neno lililosemwa, na ukisoma skripti kwenye karatasi hutaona kosa lolote, kwa kuwa skripti imeandika tu "Bibi anapepeta mchele" kisha "Barua kwa karibu".

Ndiyo maana napendekeza kabla ya kuandika skripti uwe na daftari la siri. Si jambo kubwa, ukurasa mmoja unatosha. Andika kila siri kwa sentensi moja kamili: "Nahodha alizama." "Barua anaandika bibi." Chini ya kila sentensi orodhesha kila kitu ndani ya gemu kinachoweza kumfikisha mtu hapo: uso, mkono, vazi, chombo, sauti, hali ya hewa, mwandiko. Kwa siri ya bibi utakuwa na mkono wenye wino, kalamu ndani ya kapu la ukili, taa inayowaka chumbani mwake usiku, na kikohozi chake kinachosikika kabla ya barua kukutwa. Skripti ikikamilika, pita na daftari mkononi. Kitu kimoja kutoka kwenye orodha hiyo kinaweza kuruhusiwa, maana ndio utamu wa mtu atakayerudi kuitazama trela baada ya kumaliza gemu. Viwili vya siri moja visikae jirani, na vitatu visiwe ndani ya trela moja hata vikiwa mbali.

Watu wengi hufuata kanuni fupi kwamba trela itumie robo ya kwanza ya gemu tu. Ni kanuni nzuri ya kuanzia ila haitoshi peke yake. Mkono wenye wino unaonekana kwenye dakika za mwanzo kabisa za *Barua za Kaskazi*, kwa sababu gemu nzuri hupanda mbegu mapema. Na kinyume chake, magofu ya Takwa kule Manda, ambako Zaituni anafika mwishoni mwishoni, yakionyeshwa matupu bila mtu wala kitu hayavujishi lolote. Angalia kitu kinafundisha nini, usiangalie tu kimetoka dakika ya ngapi.

Sababu ya nne imejificha kwenye tafsiri ya chini ya skrini. Kiswahili kinamfichia mwandishi mengi bila hata yeye kujua. "Ameandika usiku, taa imefifia" haisemi kama aliyeandika ni mwanamume au mwanamke. Trela ikienda kwa mtafsiri wa Kiingereza ambaye ameshaicheza gemu hadi mwisho, ataandika kiwakilishi cha kike, kwa kuwa ndio ukweli anaoujua, na wasomaji wa Kiingereza watapewa siri ambayo Waswahili hawakupewa. Mtafsiri hana hatia, ni mwandishi hakumwachia maagizo. Kando ya kila sentensi ya namna hiyo andika nani anaaminika kuwa ndiye kwa wakati huo wa hadithi: "mtazamaji aamini ni nahodha." Au ibadilishe sentensi iwe na barua kama kiima, "imeandikwa usiku", na tatizo limekwisha katika lugha zote.

"Nzuri, lakini inahusu nini?"

Huyu ni mgonjwa wa upande wa pili. Mwandishi ameogopa kuvujisha hadi amefunga mlango na madirisha. Trela ina ukungu, mawimbi, uso wa Zaituni, maandishi yanayosema "Kila nyumba ina siri yake", na jina. Mtazamaji hajui hata kama atakuwa akichonga, akipiga upanga au akivua samaki.

Kisa cha kosa hili karibu kila mara ni kwamba mwandishi amechanganya chambo na siri. Chambo ni lile jambo la ajabu ambalo hadithi inaanzia kwalo, na mchezaji analijua ndani ya dakika 10 za kwanza. Siri ni jibu. Kwenye gemu yetu, barua za mtu aliyeko baharini zinazojua kilichomo ndani ya nyumba ni chambo, toa bila woga. Ukikificha hicho hakuna cha kumfanya mtu anunue. Nani anaziandika ni siri, na hiyo hata kidokezo chake kipimwe.

Jaribio: sema kisa cha gemu yako kwa sentensi moja ambayo ungemwambia rafiki aliyeketi nawe barazani, akakuuliza "Ehe, ikawaje?" Sentensi iliyomfanya aulize ndiyo chambo, nayo lazima iwe ndani ya trela, kwa picha au kwa neno, kabla ya sekunde ya 20. Jibu ulilokuwa ukitaka kumpa baada ya "ikawaje" ndilo la kufungia.

"Nilidhani ni tangazo la hoteli"

Gemu yoyote yenye Lamu ndani yake itaambiwa hivi isipojihadhari. Ufuo wa Shela kutoka juu, tanga jeupe jua likitua, punda kwenye uchochoro, mlango wa nakshi ukifunguka polepole, mwanamke wa buibui akigeuka kona. Shoti zote hizo watu wameziona kwenye vipeperushi vya utalii, na macho yao yanajua ziende kwenye sanduku gani. Uzuri wa mahali umekula gemu.

Chanzo si mandhari yenyewe. Chanzo ni kwamba hakuna mkono wa mchezaji ndani ya picha. Chukua skripti yako na upige mstari chini ya kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni mchezaji: anahesabu, anachonga, anachagua jibu, anageuza barua. Kama nusu ya shoti hazina mstari, umeandika kipeperushi. Na hapa watengenezaji wengi hujiumiza wenyewe kwa kuficha mshale wa kipanya na visanduku vya majibu wakati wa kurekodi, ati picha iwe safi. Kwenye gemu ya kubofya, mshale ndio mkono. Uache. Mshale unaosita juu ya jibu unaonyesha ladha ya gemu kuliko shoti ya bahari.

Hapa ndipo swali la ladha linapojibiwa, kwa sababu wengi huitafuta kwenye matukio, na matukio ndiyo yanayovujisha. Ladha ya hadithi iko kwenye mwendo: kitu kinachukua muda gani, kinasikika vipi, mtu anafanya nini kabla ya kujibu. Fikiria mzee wa mtaani anamuuliza Zaituni, "Barua imekuja tena?" Chini yake yanatokea majibu matatu: "Ndiyo", "Bado", na kisanduku kitupu cha kunyamaza. Mshale unaenda kwenye "Ndiyo", unarudi, unatua kwenye kunyamaza. Sekunde 5 tu. Mtazamaji amejua hii ni gemu ya watu wanaofichana mambo kwa heshima, amejua atakuwa akichagua, na amejua kunyamaza kuna uzito. Hakuna hata chembe ya daftari la siri iliyotumika.

Neno moja kuhusu sauti, maana nalo liko hapa hapa. Usiweke adhana kama pambo la kufungulia trela, kisha ukaikata katikati ili muziki uingie. Mgeni atasikia "mandhari", mwenyeji atasikia adhana iliyokatwa, na utamkosa mtu ambaye angekuwa wa kwanza kuisambaza. Lamu ina sauti nyingine tele: kwato za punda kwenye mawe, maji yakipiga ukuta wa gati, juba la fundi likigongwa kwenye mbao. Hilo la mwisho ndilo ningelitumia, kwa sababu ni kazi ya mchezaji mwenyewe na lina mdundo wa kukatia shoti.

"Sivyo nilivyotarajia"

Lalamiko hili halitoki kwa watazamaji wa majaribio. Hutoka kwa wanunuzi, na hapo limeshakugharimu. Steam humruhusu mtu kurudisha gemu na kurejeshewa pesa ndani ya siku 14 za kununua, mradi hajaicheza kwa zaidi ya saa 2. Gemu ya saa 3 iko hatarini hasa: mtu aliyeahidiwa dhoruba na mbio, akakuta barua na juba, ana muda wa kutosha wa kuona amedanganywa na kuondoka.

Chanzo mara nyingi ni muziki. Mwandishi hakuandika lolote kwenye safu ya sauti, mhariri akachukua wimbo wa ngoma kubwa unaopanda hadi kilele, kisha shoti zikalazimika kuufuata. Ngoma zikipanda lazima kitu kitokee, na kitu pekee kinachotokea kwenye gemu yako kiko mwishoni. Ndivyo shoti ya jahazi likipinduka inavyojikuta kwenye sekunde ya 50. Muziki umevuta siri nje kwa mkono wake. Kwa hiyo safu ya sauti iandikwe kabla ya safu ya picha, au angalau pamoja nayo, na iseme hata pale ambapo hakuna sauti.

Skripti baada ya matengenezo

Huu ni mfano mzima wa sekunde 60. Kila kifungu kina muda, picha, na sauti.

0:00–0:05. Giza. Juba linagongwa mara tatu. Kila likigongwa, sehemu ya ua lililochongwa inaonekana, kama mwanga wa kiberiti. *Sauti: juba tu.*

0:05–0:11. Ubao wa mlango wote. Mshale wa kipanya unasogea, unabofya, mchezaji anachonga jani moja la ua. Jani la pili linakatika vibaya. *Sauti: juba, kisha mbao kupasuka.*

0:11–0:18. Alfajiri, dakani. Barua sakafuni. Zaituni anaiokota. *Sauti ya Zaituni: "Ami yangu ni nahodha. Amesema atarudi na kusi."*

0:18–0:25. Barua imejaa skrini. Inasomeka: "Zaituni, hesabu zidaka kutoka kushoto. Cha tano kina kitu chako." *Sauti: karatasi, bahari ya mbali.*

0:25–0:35. Ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu. Mshale unahesabu kimoja kimoja. Cha nne kitupu. Mkono unaingia cha tano. Shoti inakatwa kabla hatujaona. *Sauti: juba linarudi, gongo moja kwa kila kidaka.*

0:35–0:45. Uchochoroni. Punda wanapita, Zaituni na ubao wake wanasubiri pembeni. Mzee: "Barua imekuja tena?" Majibu matatu. Mshale unatua kwenye kunyamaza. *Sauti: kwato, sauti ya mzee, kisha kimya.*

0:45–0:53. Usiku, gatini. Bahari shwari, mashua zimefungwa. Zaituni anatazama kusini. Hakuna anayebofya kitu. *Sauti: maji tu.*

0:53–1:00. Jina la gemu, na chini yake "Iweke kwenye orodha yako ya Steam". *Sauti: juba mara moja.*

Angalia yaliyotoka. Bibi hayumo kabisa. Rasimu ya mwanzo ilikuwa na Zaituni akiuliza "Bibi, nani aliileta hii?" kwenye sekunde ya 40, sentensi nzuri yenye mvuto, lakini inaweka bibi na barua jirani, na daftari linakataa. Mzee wa mtaani amechukua nafasi yake kwa kuwa hamo kwenye orodha ya siri yoyote. Bahari ya sekunde ya 45 imeandikwa kuwa shwari kwa makusudi: bado ni msimu wa kaskazi unaoishia, ahadi ya ami bado inaweza kutimia. Na jani lililokatika vibaya limebaki kwa sababu linaonyesha kwamba kukosea kunaruhusiwa kwenye gemu hii, jambo ambalo hakuna maandishi yangelisema vizuri.

Maneno yanayosemwa kwenye sekunde zote 60 ni kumi na moja. Huenda ukaona ni machache. Kwa kusoma kwa utulivu, Kiswahili huchukua kama maneno mawili kwa sekunde, na maneno yetu ni marefu. Ukijaza nusu tu ya trela kwa msimulizi umefika maneno 60, na hakuna nafasi iliyobaki ya juba, kwato wala kimya.

Malalamiko madogo

"Nilipita kabla haijaanza." Umeanza na nembo yako. Studio isiyojulikana haina sababu ya kuanza na nembo, ipeleke mwisho. Kumbuka pia kwamba kwenye mitandao ya kijamii video nyingi huanza bila sauti, kwa hiyo sekunde 5 za kwanza lazima zieleweke zikiwa bubu. Ua linalojitokeza gizani linaeleweka hata juba lisiposikika. Uso unaozungumza hauelezi kitu.

"Sikuwahi kusoma yale maandishi." Yasome kwa sauti ya kawaida mara mbili huku ukipima muda, na uyaache kwenye skrini kwa muda huo wote. Barua ya sekunde ya 18 ina maneno kumi na imepewa sekunde 7. Ikipungua, ondoa maneno, usiongeze kasi. Kisha itazame kwenye simu, si kwenye kompyuta uliyoihariria.

"Nimejua mwisho hata kabla sijabonyeza." Huyu hakuiona trela, ameona picha ya jalada. Ukipandisha video YouTube bila kuchagua picha yako, huwekewa fremu iliyochukuliwa kutoka ndani ya video, na haichagui kwa kufuata daftari lako. Pia jina la faili na maelezo chini ya video huandikwa haraka haraka usiku wa kutoa, na mtu mwenye usingizi anaandika "binti anayegundua ukweli kuhusu ami yake." Yapitishe kwenye daftari kama shoti nyingine yoyote, na picha ya jalada iwe ule ukuta wa zidaka, mkono ukiwa umeshaingia kwenye cha tano.